Chakula Kinapogoma Kushuka

Makande ndiyo hukwama kwanza. Punje ya mahindi iliyoiva vizuri bado ni ngumu kuliko vyakula vingi vya mezani, na umio unapoanza kuziba, punje hiyo ndiyo inayopeleka taarifa. Baada ya makande hufuata nyama, kisha ugali, kisha wali na ndizi za kupika, mpaka mgonjwa anabaki na uji na maziwa. Mpangilio huu, wa kigumu kwanza na cha majimaji mwisho, unaoendelea kwa wiki kadhaa huku mwili ukipungua, ni dalili mojawapo iliyo wazi kabisa katika udaktari. Inaumiza kuona jinsi inavyopita machoni pa watu nyumbani, dukani na zahanatini bila yeyote kuisoma.

Chukua mfano wa mama wa miaka 54 anayeishi juu kidogo ya Marangu, Kilimanjaro, mwenye migomba na kahawa. Mfano huu nimeuunda kutokana na mwenendo ambao madaktari wa ukanda huu wanaukuta mara kwa mara. Si habari ya mtu mmoja. Wiki ya kwanza tonge la makande lilimkaba kifuani, akanywa maji, likashuka. Hakulitilia maanani. Wiki ya tatu ikawa nyama ya mbuzi kwenye sherehe ya kipaimara, akatoka kwenda kuitema nyuma ya nyumba. Wiki ya tano ugali haukupita bila kusukumwa kwa maji kila tonge. Wiki ya saba akaanza kuomba apikiwe mtori.

Mkwewe alishangaa. Mtori kule ni chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua, si cha kuombwa kila siku na mtu mzima mwenye meno yake.

"Mama, mbona siku hizi makande huyataki kabisa?"

"Meno tu yananisumbua, mwanangu. Nipikie kitu laini."

Hakudanganya kwa makusudi. Watu wengi walio katika hali hii hawajui kwamba wamebadilisha chakula, kwa sababu mabadiliko yanakuja kidogo kidogo. Wanatafuna zaidi, wanakula polepole, wanaacha kula mbele ya wageni, wanasema hawana hamu. Ndiyo maana daktari mzoefu hamwulizi mgonjwa kama anameza vizuri, maana atajibiwa "naendelea vizuri." Humwuliza alikula nini jana, alikula nini wakati wa mavuno, na ni chakula gani alichokuwa akikipenda ambacho sasa hakigusi. Jibu la maswali hayo matatu linaweza kuonyesha ugonjwa hata kabla kifaa chochote hakijaguswa.

Umio ni njia ya misuli yenye urefu wa sentimita 25 hivi, inayotoka kwenye koromeo, ikapita nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo, na kuingia tumboni. Umio mzima hutanuka: tonge likipita, njia inaweza kufunguka kwa zaidi ya milimita 20. Kwa kawaida mtu huanza kuhisi chakula kigumu kinakwama pale njia inaposhindwa kufunguka zaidi ya milimita 13 hivi. Tofauti kati ya namba hizo mbili ina maana kubwa. Uvimbe unaweza kukua ndani kwa muda mrefu bila mtu kuhisi chochote, kwa sababu upande uliobaki mzima unaendelea kutanuka na kufidia. Siku makande yanapokwama, ugonjwa haujaanza siku hiyo. Ulikwisha kuchukua sehemu kubwa ya duara la umio. Kwa hiyo kusema "tusubiri tuone kama itaisha" ni kuongeza subira juu ya subira ambayo mwili tayari umeipitisha kimyakimya.

Kuna jambo jingine linalopoteza watu. Mgonjwa akiulizwa chakula kinakwama wapi, mara nyingi huonyesha shingoni, chini kidogo ya koo, ilhali kizuizi kiko katikati ya kifua au karibu na tumbo. Mishipa ya fahamu ya umio hairipoti mahali kwa usahihi. Anayeonyesha kifuani huwa karibu na ukweli, lakini anayeonyesha shingoni anaweza kuwa mbali nao kwa sentimita 15. Hapo ndipo anapopewa dawa za mafindofindo, au anapopelekwa kwa fundi wa kukata kimeo. Kimeo hakizuii ugali kushuka kwa mtu mzima. Kukikata kunaleta hatari ya kutoka damu na maambukizi, na kunakula wiki nyingine mbili za kusubiri kidonda kipone ndipo ijulikane kuwa hakikusaidia.

Si kila kukwama kwa chakula ni saratani, na haifai kumtia mtu hofu isiyo na sababu. Historia yenyewe husaidia kutenganisha. Yupo anayehisi donge kooni siku nzima, lakini akikaa kula donge linasahaulika, chakula kinashuka na uzito hauguswi. Huyo mara nyingi hana kizuizi. Yupo ambaye tangu mwanzo maji na ugali vilimsumbua kwa pamoja, na hali imekuwa hivyo kwa miaka, chakula kikirudi usiku akilala. Hapo daktari hufikiria akalasia, yaani ugonjwa wa misuli ya umio kushindwa kusukuma chakula na mlango wa chini kutolegea. Mwenye kiungulia cha miaka mingi anaweza kuwa na kovu lililobana njia, na aliyewahi kumeza maji ya betri au dawa kali ya kusafishia anaweza kuwa na kovu kama hilo. Mwenye kinga dhaifu anayelia kwa maumivu kila anapomeza anaweza kuwa na fangasi wa umio. Yote haya yana tiba, na baadhi yana tiba nzuri sana: kovu hutanuliwa, fangasi huisha kwa dawa.

Lakini mtu aliyekuwa akila kila kitu, kisha ndani ya wiki chache akaanza kushindwa vigumu, akahamia laini, na nguo zikaanza kumpwaya, huyo anahesabiwa kuwa na saratani ya umio mpaka ithibitike vinginevyo. Uingereza mwongozo wa afya unataka mtu mwenye shida ya kumeza apewe rufaa ya haraka ya kuangaliwa ndani ya umio, awe na umri wowote. Kwetu sababu ya kufanya haraka ni kubwa zaidi. Ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi rasi ya mashariki ya Afrika Kusini unajulikana duniani kwa wingi wa saratani hii, na katika hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, madaktari wameieleza hata kwa vijana wasiofikisha miaka 30. Tumbaku na pombe vinahusika. Vinywaji vya moto sana pia vinatiliwa shaka: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzijoto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Hata hivyo wapo wagonjwa wetu wasiovuta wala kunywa pombe, kwa hiyo kusema "mimi sivuti sigara" si kinga ya kumfanya mtu abaki nyumbani.

Turudi kwa yule mama, kwenye kadi yake ya kliniki ya presha. Mwanzoni mwa mwaka iliandikwa kilo 64. Wiki ya tano ya tatizo lake alikwenda kuchukua dawa za presha, akapimwa, ikaandikwa 61. Muuguzi hakuuliza kitu, naye hakusema kitu. Kilo 3 kati ya 64 ni karibu asilimia 5, na mtu mzima asiyejinyima chakula akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi michache anastahili kuulizwa maswali. Wiki ya tisa mizani ilisoma 57. Sasa amepoteza asilimia 11.

Wiki zile nne za kati zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye vidonge vya vidonda vya tumbo. Alipofika duka la dawa akisema kifua kinamchoma akila, alipewa omeprazoli ya siku 14, kisha akarudia. Simlaumu muuzaji peke yake, kwa sababu kwetu kila maumivu kati ya kitovu na shingo yamekuwa vidonda. Shida ni kwamba dawa za kupunguza asidi hutuliza uchungu unaozunguka uvimbe, na zinaweza hata kufanya kidonda cha saratani kionekane kama kinapona juujuu. Mgonjwa anapata nafuu ya kweli, anamshukuru aliyempa, na umio unaendelea kuziba. Anayetibiwa kiungulia akaona mwako umepungua lakini nyama bado inakwama, ajue kilichopungua sicho kilichomleta.

Daktari wa kituo cha afya aliyempokea wiki ya tisa alikuwa kijana wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, leo asubuhi umekula nini?"

"Uji."

"Na Krismasi ulikula nini?"

Akacheka kidogo. "Krismasi nilikula nyama ya kuchoma kama watu wote."

Hilo lilitosha. Daktari alimgusa juu ya mfupa wa mtulinga wa kushoto kutafuta tezi, akasikiliza kama sauti imekwaruza, akauliza kama anakohoa akinywa maji, akaangalia weupe wa kope kwa ajili ya damu, akaandika rufaa. Aliandika vizuri, na nitaitaja barua hiyo kwa sababu barua nyingi za rufaa huishia kwenye maneno mawili, "maumivu ya tumbo," na mgonjwa anapangiwa miezi miwili mbele. Yeye aliandika: shida ya kumeza vigumu inayozidi kwa wiki 9, sasa anameza majimaji tu, uzito kutoka kilo 64 hadi 57, anaomba endoskopi ya haraka. Anayepanga foleni hospitali ya rufaa akisoma sentensi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Na kama daktari hakuiandika, ndugu anaweza kuisema dirishani kwa maneno hayohayo na kuonyesha kadi ya uzito.

Endoskopi ndicho kipimo ambacho watu wanakiita kumeza mpira. Hufanyika katika hospitali kubwa za rufaa, kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam. Mgonjwa haingii na chakula tumboni: hukaa bila kula kwa saa 6 hadi 8, na mwenye umio uliobana huambiwa anywe vya majimaji tu siku iliyotangulia, kwa sababu chakula huweza kubaki juu ya kizuizi. Kooni hupuliziwa dawa chungu ya ganzi. Hulala kwa ubavu wa kushoto, meno yakiuma kikombe kidogo cha plastiki chenye tundu katikati, na mpira laini wenye unene wa kama sentimita moja, ukiwa na kamera na taa, hupitishwa hapo. Kupumua hakuzuiwi, kwani mpira hauingii kwenye njia ya hewa. Kichefuchefu kipo, mate yanatoka, machozi yanatoka. Yote hayo hudumu dakika 5 hadi 10. Baadaye mtu hali wala hanywi mpaka ganzi iishe, na kama amepewa sindano ya usingizi, asirudi nyumbani peke yake wala asipande bodaboda.

Kwa yule mama, mpira ulikuta uvimbe sentimita 28 kutoka kwenye meno ya mbele. Vipimo vya umio huhesabiwa kuanzia kwenye meno, na nambari hiyo ni katikati ya kifua, ingawa yeye alikuwa akionyesha shingoni. Daktari alichukua vinyama 6 vidogo kama punje za mchele. Kuchukua kinyama hakuumi, kwa sababu utando wa ndani wa umio hauhisi mkato kama ngozi, na wala hakuufanyi ugonjwa usambae. Hofu hiyo imewarudisha watu mlangoni, na ningependa ife. Bila kinyama hakuna tiba inayoweza kupangwa, maana picha ya kamera peke yake haiwezi kueleza ni aina gani ya saratani, wala kama ni saratani kweli. Majibu huchukua kama wiki moja hadi mbili. Mahali ambapo hakuna endoskopi karibu, picha ya eksirei ya kumeza dawa nyeupe ya bariamu huonyesha njia imebana wapi, nayo ni mwanzo mzuri, lakini haitoi kinyama.

Kinyama kikithibitisha saratani, swali linalofuata ni imefika wapi, na hujibiwa kwa siti skani ya kifua na tumbo. Viungo vingi vya tumboni vimefunikwa na utando wa nje. Umio hauna utando huo sehemu kubwa ya njia yake. Uvimbe ukivuka misuli, unaowakuta nje ni bomba la hewa, mshipa mkuu wa damu na tezi za kifuani. Kwa hiyo mwezi mmoja katika umio hauna uzito sawa na mwezi mmoja katika kiungo kilichojitenga. Uvimbe ulio juujuu sana unaweza kukatwa kwa mpira uleule wa endoskopi. Uliozama lakini haujasambaa hutibiwa kwa upasuaji mkubwa wa kuondoa umio, mara nyingi baada ya dawa za saratani na mionzi, au kwa dawa na mionzi peke yake. Uliokwisha kufika kwenye ini au mapafu hauondolewi, na tiba inabaki ile ya kumwezesha mtu ameze na aishi bila mateso.

Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa dawa na mionzi kwa wiki 5 kabla ya kuwapasua. Nusu ya waliopasuliwa tu waliishi miezi 24 hivi au zaidi. Kwa waliopewa tiba hiyo kwanza, muda huo ulifika karibu miezi 49. Ni mafanikio makubwa kwa ugonjwa huu. Lakini tazama waliruhusiwa nani kuingia katika utafiti: wasiokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito. Wiki ya tano, yule mama akiwa na kilo 61, angekuwa ndani ya mstari huo. Wiki ya tisa alikuwa nje yake. Madaktari hawamkatai mtu kwa sababu ya kilo moja, ila wanajua kwamba mwili uliokonda hauhimili dawa, vidonda vya upasuaji hupona polepole na nimonia hupata nafasi. Skani yake haikuonyesha kusambaa, akapewa kwanza lishe kwa mrija mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni, ili apate nguvu kabla ya kuanza mionzi.

Lishe hiyo isingojee hospitali. Tangu siku ya kwanza chakula kikianza kukwama, mgonjwa aache kushindana na matonge na ale vya majimaji vyenye nguvu: mtori uliopondwa ukalegezwa kwa maziwa, uji wenye karanga zilizosagwa, parachichi lililopondwa, yai bichi hapana bali lililoiva na kusagwa ndani ya supu. Ale kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, akiwa amekaa wima, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Uji mweupe wa maji na sukari unaojaza tumbo haujengi mwili. Na mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila chakula asishindiliwe ghafla siku moja. Chumvichumvi za damu zinaweza kushuka kwa kasi na kuuathiri moyo, kwa hiyo huanzishiwa polepole hospitalini, chini ya uangalizi.

Kwa ambaye saratani haiwezi kuondolewa bado kuna kazi ya kufanywa, na Tenwek imeifanya kwa miaka mingi: kuweka stenti, kibomba cha wavu wa chuma kinachopitishwa kwa endoskopi na kufunguka katikati ya uvimbe. Aliyekuwa akimeza maji kwa shida anaweza kula chakula laini ndani ya siku moja au mbili. Baada ya hapo atafune sana, anywe wakati anakula, aepuke vipande vya nyama na mikate mikavu, kwa sababu stenti ikiziba inabidi arudishwe kuzibuliwa.

Hali nne hazisubiri miadi hata kama tarehe imekwisha kupangwa. Mtu akishindwa kumeza hata mate yake, akatapika damu au akapata choo cheusi kama lami, akapaliwa na kukohoa kila anapokunywa maji, au tonge likakwama na kukataa kutoka wala kushuka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kukohoa kila unapokunywa kunaweza kumaanisha tundu limetoboka kati ya umio na bomba la hewa, na maji yanaingia mapafuni. Njiani asipewe maji ya kusukumia.